Ukurasa wa 7, Namba 23

Mhakiki ameandika: "Sentensi inayoanza na 'Hata hivyo' ina kosa." Mwandishi anafungua ukurasa, anakuta "Hata hivyo" ziko tatu. Kwa sababu hiyo majarida mengi ya kitaaluma hutaka mswada uje na namba za mistari pambizoni.

Kama bado unalo faili la Word, kazi ni ndogo. Nenda Layout, bofya Line Numbers, chagua Continuous, kisha toa PDF upya. Ila Word haihesabu mistari iliyo ndani ya majedwali wala tanbihi, hivyo huko mhakiki atalazimika kueleza kwa maneno.

Tabu ipo pale ulipobakiwa na PDF peke yake. Machoni petu ukurasa una mistari, lakini kwa kawaida ndani ya faili mna maagizo tu ya kuchora: herufi hii ikae hapa, ile pale. Hakuna mstari wa kuhesabiwa. Wapo wanaoigeuza PDF kuwa Word ili waweke namba. Siwashauri, maana maneno husogea, mistari hukatika penginepo, na mhakiki anajikuta akisoma mswada usiofanana na wako.

Afadhali kubandika rula. Fungua ukurasa mtupu wa A4, acha milimita 25 juu, 20 chini na 8 kushoto. Andika 1 hadi 50, kila namba kwenye mstari wake, kwa herufi ndogo za kijivu. Nafasi ya mstari iwe pointi 14 kamili, na usiache nafasi ya ziada kati ya aya. Namba 50 zitachukua pointi 700, nazo zinaenea, kwani A4 ina urefu wa pointi 842. Hifadhi kama rula.pdf, kisha tumia programu ya pdftk:

```
pdftk mswada.pdf stamp rula.pdf output mswada-namba.pdf
```

Rula hiyo itabandikwa juu ya kila ukurasa. Usitumie `background` badala ya `stamp` kwa kurasa zilizoskaniwa: namba zitaingia chini ya picha, zisionekane kabisa.

Usitegemee kila namba ilingane na mstari wake. Maandishi yaliyoachana kwa pointi 18 yatakuwa na mistari kama 38 mbele ya namba zako 50, na kichwa cha habari kikiingia, mpangilio unahama tena. Si neno. Mhakiki atataja "ukurasa wa 7, namba 23", nawe utatazama usawa wa 23. Lakini ukurasa lazima autaje, kwa kuwa namba zinaanza upya kila ukurasa.

Ukishaanza kusahihisha, usilifute faili lile walilosoma wahakiki. Namba walizozitaja ni za hilo, si za toleo lako jipya.