Pesa Inayosubiri Mzigo

Mwezi Oktoba 2003, mwanafunzi mmoja wa Kichina aliyekuwa akisoma Japani alitangaza kamera yake kuukuu aina ya Fuji kwenye soko jipya la mtandaoni lililoitwa Taobao. Aliyeitaka alikuwa mwanafunzi pia, ila yeye alikuwa Xi'an, ng'ambo ya bahari. Bei ilikuwa yuan 750. Hawakujuana, na kila mmoja alikuwa na haki ya kuogopa: anayetangulia kutoa ndiye anayebaki na hasara mwenzake akitoweka.

Wenye soko wakajiweka katikati. Mnunuzi alituma pesa kwa Taobao, si kwa mwenye kamera. Halafu akaingiwa na wasiwasi, akataka arudishiwe. Ikabidi mfanyakazi wa Taobao ampigie simu kumtoa hofu. Akakubali, kamera ikatumwa. Hayo ndiyo yanayohesabiwa kuwa mauzo ya kwanza ya huduma ya Alipay. Siku hizo hapakuwa na mtambo wowote wa kujivunia: wahasibu walikuwa wakilinganisha kwa mikono pesa zilizoingia benki na oda zilizopo.

Mtambo ulikuja baadaye, lakini utaratibu haukubadilika sana. Mnunuzi akilipa, muuzaji anaona kwenye skrini yake kwamba oda imelipiwa, ingawa pesa yenyewe hawezi kuigusa. Anafunga mzigo, anaukabidhi kwa msafirishaji na kuingiza namba ya kufuatilia. Mnunuzi akiupokea na kuridhika, anabonyeza kitufe cha kuthibitisha, na hapo ndipo pesa inapoingia kwa muuzaji. Asiporidhika, anafungua dai, naye muuzaji anaendelea kusubiri mpaka wakubaliane au soko liamue.

Je, mnunuzi akipokea mzigo, akanyamaza? Wapo wanaosahau, na wapo wanaonyamaza kwa makusudi. Ndiyo maana kuna saa inayohesabu. Taobao, kwa mzigo wa kawaida wa ndani ya China, utaratibu uliozoeleka ni siku 10 tangu muuzaji alipoutuma. Zikiisha bila dai, mfumo unathibitisha wenyewe na kuachia pesa. Dai likifunguliwa kabla ya hapo, saa inasimama.

Saa hiyo ndiyo inayowaponza wengi wa huku kwetu. Tuchukue mfanyabiashara wa Kariakoo anayeagiza makava 300 ya simu kwa yuan 4 kila moja, jumla yuan 1,200. Muuzaji hamtumii Dar es Salaam. Anayapeleka kwenye stoo ya wakala wa mizigo huko Guangzhou, na siku ya tatu yanapokelewa. Kwa macho ya soko, mzigo umefika. Wakala anausubirisha mpaka kontena lijae, kisha meli inasafiri wiki kadhaa. Makava yanafunguliwa Kariakoo baada ya mwezi na zaidi, na 60 kati yake ni ya simu nyingine kabisa. Ni yuan 240 zilizopotea, na pesa ilishaachiwa zamani. Amana ilifanya kazi yake sawasawa, lakini ililinda safari ya kutoka kiwandani hadi stoo tu.

Pengo jingine liko kwenye ile namba ya kufuatilia, kwa sababu namba huonyesha kifurushi kimesafiri, haionyeshi kilichomo ndani. Tapeli anaweza kutuma bahasha tupu kwa anwani nyingine katika mji uleule, mtandao ukaandika "imepokelewa". Mnunuzi anayesema hajapata kitu anaombwa ushahidi. Kinachomsaidia ni kuuliza kwa msafirishaji uzito uliopimwa na anwani iliyopelekewa: makava 300 hayawezi kuwa na uzito wa gramu 50.

Na muuzaji anayesema "nitumie moja kwa moja, nikupunguzie bei" anamtoa mnunuzi nje ya ulinzi wote huu. Pesa iliyotumwa kwenye akaunti yake binafsi haikupita kwa mtu wa kati, kwa hiyo soko halina cha kuzuia.

Kumbe pesa inayosubiri nayo ina faida yake. Oda moja ni kidogo, lakini mamilioni ya oda zikisubiri kwa pamoja ni mlima, na kwa miaka kampuni za malipo za China ziliziweka benki na kupata riba. Benki Kuu ya China ikaikata njia hiyo: tangu Januari 2019 pesa yote ya wateja inayosubiri lazima iwekwe Benki Kuu yenyewe. Hata kampuni ikiyumba, pesa ya oda haimo katika mali zake.

Kwa yule wa Kariakoo, ukaguzi unapaswa kufanyika Guangzhou, saa ingali inahesabu. Mawakala wengi hukubali kwa malipo kidogo kufungua maboksi, kuhesabu na kutuma picha. Picha zikionyesha yale 60 siku ya nne, dai linafunguliwa siku hiyohiyo, na makava mabaya yanarudishwa kwa lori, kabla hayajaingia kwenye kontena.