Ripoti ya Almasi Huanza Kusomwa Kiunoni

Sonara akikutolea almasi pamoja na ripoti ya maabara ya GIA, macho ya wengi hukimbilia uzito na rangi. Mimi huanzia kwenye mstari ulioandikwa "Inscription(s)". Maandishi yanayotajwa hapo, kwa kawaida jina GIA na namba ya ripoti, yamechorwa kwa leza kwenye kiuno cha jiwe, yaani ule ukingo mwembamba unaotenganisha sehemu ya juu na ya chini. Kwa macho matupu huyaoni. Omba kioo cha kukuza mara 10, libane jiwe kwa koleo ndogo, uligeuze polepole ubavuni mpaka namba ijitokeze. Kisha iandike kwenye ukurasa wa "Report Check" wa GIA, uone kama maelezo yanafanana na ya karatasi uliyopewa.

Hata namba zikilingana, usitulie bado. Kuna walaghai wanaochora namba ya almasi ya ardhini kwenye jiwe lililotengenezwa na binadamu, na GIA imeshakamata mawe kama hayo. Kwa hiyo lipime. Tuseme ripoti inataja karati 1.01, kipenyo cha milimita 6.45 hadi 6.48, na kimo cha 3.99. Mizani ikikuonyesha 1.04, jiwe hilo silo, hata kiuno kiseme nini. Fanya hivyo kabla halijafungwa kwenye pete, kwa sababu likishafungwa halipimiki peke yake.

Vipimo hivyo hivyo vinakufungulia daraja la mkato, "Cut Grade", ambalo GIA hulitoa kwa almasi za duara tu, kuanzia "Excellent" hadi "Poor". Jiwe letu lina kimo cha asilimia 61.7 ya kipenyo chake, kiasi kizuri. Lingine la karati 1.01 laweza kuwa na kipenyo cha 6.20 na kimo cha 4.30, karibu asilimia 69. Unalipia uzito ule ule, lakini sehemu yake imejificha chini. Ukilitazama kwa juu ni dogo, na mwanga unavujia chini badala ya kukurudia. Kwangu mimi, mkato ndio wa kutangulizwa, rangi ifuate.

Limebaki neno "Fluorescence", linalotisha watu bure. Baadhi ya almasi hung'aa, mara nyingi kwa rangi ya buluu, zikimulikwa miali ya urujuanimno kama ya taa ya kukagulia noti bandia. Viwango vyake huanzia "None" hadi "Very Strong". Buluu hiyo yaweza hata kufanya jiwe lenye umanjano kidogo lionekane jeupe zaidi juani. Tatizo ni baadhi ya yale ya kiwango cha juu, ambayo ni machache, yanayoonekana na ukungu kama maji yaliyotiwa tone la maziwa. Karatasi haitakuonyesha ukungu huo. Toka na jiwe nje mchana, litazame juani kisha kivulini, ndipo uzungumze bei.