Kutoka Risiti ya Mafuta Hadi Daftari la Gari

Risiti ya mafuta inayotolewa na mashine ya EFD nchini Tanzania hubeba tarakimu nyingi kwenye kipande kidogo cha karatasi: TIN ya muuzaji, namba ya risiti, tarehe na saa, namba ya pampu, aina ya mafuta, lita, bei ya lita moja na jumla ya fedha, kisha alama ya uhakiki. Kwa daftari la gharama za gari, zinazohitajika ni chache: tarehe, lita, bei ya lita na jumla ya fedha. Ya tano, yaani kilomita zilizosomeka kwenye odometa, kwa kawaida haimo kabisa kwenye risiti, kwa sababu pampu haina njia ya kujua gari limetembea kiasi gani. Hiyo huandikwa na dereva mwenyewe, kwa kalamu, mgongoni mwa risiti, kabla gari halijaondoka sheli.

Jambo la sita huwa linasahaulika, nalo lina uzito sawa na kilomita: kama tangi lilijazwa au la. Madereva wengi hununua mafuta kwa fedha, si kwa lita. Mtu husema "weka ya elfu thelathini", na pampu hukata fedha hizo zikitimia, tangi likiwa nusu au robo. Kwa sababu hiyo, kwenye risiti nyingi fedha ndiyo namba ya mviringo, na lita huja na vipande vyake. Neno moja mgongoni mwa risiti, "full" au "bado", ndilo litakaloamua baadaye jinsi hesabu ya gari itakavyofanywa.

Lita, bei na fedha zina uhusiano unaorahisisha kazi ya kunakili: lita zikizidishwa kwa bei hutoa fedha. Namba mbili zikisomeka, ya tatu inaweza kupatikana au kuhakikiwa. Risiti ya shilingi 30,000 kwa bei ya 2,850 inapaswa kuonyesha lita 10.53, kwa kuwa 30,000 ikigawanywa kwa 2,850 hutoa 10.526. Lakini 10.53 ikizidishwa kwa 2,850 huleta shilingi 30,010.50, si 30,000 kamili. Hilo si kosa la mashine. Lita zimekadiriwa hadi sehemu ya mia, kwa hiyo kiasi halisi kinaweza kupungua au kuzidi kwa nusu ya sehemu hiyo, ambayo kwa bei hii ni kama shilingi 14. Tofauti iliyo ndani ya shilingi 15 ni ya kawaida. Ikizidi hapo, kuna tarakimu iliyosomwa vibaya.

Anayetumia lahajedwali anaweza kuiachia kompyuta ukaguzi huo. Ikiwa lita ziko safu ya C, bei safu ya D na fedha safu ya E, fomula hii huandika TRUE mstari ukiwa sawa na FALSE ukiwa na hitilafu:

```
=ABS(C2*D2-E2)<=0.005*D2+1
```

Hitilafu zinazokamatwa hapa zinajulikana. Maandishi yakififia, 3 hufanana na 8, na 1 hufanana na 7. Nukta ya desimali ikikosekana, lita 10.53 hugeuka 1053, jambo linalotokea zaidi pale kamera ya simu inapotumika kusoma maandishi ya risiti. Mkato wa maelfu nao huleta shida: bei iliyochapwa 2,850 inaweza kuingia kwenye lahajedwali kama 2.85, ikitegemea mipangilio ya kompyuta. Yote haya huvunja uhusiano wa namba tatu, na fomula huyaona mara moja.

Karatasi yenyewe ina udhaifu wake. Risiti hizi hazichapwi kwa wino; karatasi imepakwa kemikali inayogeuka nyeusi ikipata joto la kichwa cha mashine. Risiti iliyoachwa juu ya dashibodi kwenye jua inaweza kuwa nyeusi yote au kufifia hadi isisomeke, na gundi ya utepe wa plastiki uliobandikwa juu ya maandishi huweza kuyafuta. Dawa ni kuipiga picha siku ileile, pande zote mbili, kisha kuitunza ndani ya bahasha mahali penye giza na pasipo joto.

Namba moja ikifutika, inarudishwa kwa hesabu. Lita hurudi kwa usahihi kamili, kama ilivyoonekana juu. Bei hurudi kwa makadirio ya karibu tu: 30,000 ikigawanywa kwa 10.53 hutoa 2,849, na bei halisi iko shilingi moja au mbili pembeni. Zikifutika mbili, kinachobaki ni bei kikomo ambazo EWURA, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, hutangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, mahali kwa mahali. Bei kikomo ni dari. Kituo kinaruhusiwa kuuza chini yake, kwa hiyo namba iliyopatikana kwa njia hiyo huingizwa ikiwa na alama ya makadirio, isije ikadhaniwa kuwa imetoka kwenye risiti.

Mstari ukishakuwa safi, linabaki swali la gari linatumia mafuta kiasi gani. Hapa ndipo alama ya "full" inapofanya kazi. Chukua mfano wa gari dogo la kusambaza bidhaa lenye tangi la lita 50. Jumapili dereva alijaza tangi hadi bomba likajikata. Jumanne aliongeza ya elfu thelathini, Ijumaa ya elfu arobaini, wakati bei mpya za mwezi zikiwa zimeshaanza, na Jumapili iliyofuata akajaza tena.

| Siku | Odometa | Lita | Bei | Fedha | Tangi |
|---|---|---|---|---|---|
| Jumapili | 148,210 | – | – | – | full |
| Jumanne | 148,362 | 10.53 | 2,850 | 30,000 | bado |
| Ijumaa | 148,455 | 13.75 | 2,910 | 40,000 | bado |
| Jumapili | 148,680 | 18.42 | 2,910 | 53,602 | full |

Mafuta ya Jumapili ya kwanza hayahesabiwi, kwa kuwa yalifidia safari za kabla yake. Kazi yake ni kuweka alama ya mwanzo tu.

Kosa la kawaida ni kugawanya kilomita za kila mstari kwa lita za mstari huohuo. Kwa njia hiyo gari lingeonekana kwenda kilomita 14.4 kwa lita hadi Jumanne, 6.8 hadi Ijumaa na 12.2 hadi Jumapili, kana kwamba injini ilibadilishwa mara mbili ndani ya wiki. Namba hizo hazisemi lolote kuhusu gari. Zinaonyesha tu kwamba dereva aliongeza mafuta kidogo siku moja na mengi siku nyingine, na kiasi kilichobaki tangini hakikujulikana.

Hesabu sahihi huanzia tangi lililojaa hadi tangi lililojaa. Kilomita ni 148,680 kutoa 148,210, yaani 470. Lita ni zote zilizoongezwa katikati pamoja na za kujaza mwisho: 10.53, 13.75 na 18.42, jumla 42.70. Mgawanyo hutoa kilomita 11.0 kwa lita. Fedha zote ni shilingi 123,602, kwa hiyo kila kilomita iligharimu shilingi 263 za mafuta.

Kipimo hiki nacho kina ukomo. Bomba halijikati kila mara kwenye kimo kilekile. Mteremko wa sakafu ya kituo na kasi ya mafuta hubadilisha kiasi kinachoingia. Tofauti ya lita moja katika mfano huu ingepeleka jibu kuanzia 10.8 hadi 11.3. Kutumia pampu ileile na kusimama bomba linapojikata mara ya kwanza, bila kuongezea ili fedha ziwe za mviringo, hupunguza tofauti hiyo. Mabadiliko madogo ya wiki moja hayatoshi kumlaumu dereva wala fundi.

Mabadiliko makubwa husomwa kwa kuangalia vipindi viwili au vitatu vinavyofuatana, kwa kuwa kila kosa huacha umbo lake. Odometa iliyoandikwa vibaya mwishoni mwa kipindi huleta namba ya juu ikifuatwa mara moja na ya chini, au kinyume chake. Kama 148,680 ingeandikwa 148,860, wiki ile ingeonyesha kilomita 15.2 kwa lita. Kipindi kifuatacho, kama gari lingejazwa kwa lita 42 odometa ikiwa 149,140, kingeonyesha 6.7 badala ya 11.0 ya kweli. Kilomita 180 zilizozidi upande mmoja zimepungua upande wa pili. Tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, tofauti hugawanyika kwa 9 bila kubaki kitu, na 180 inagawanyika, jambo linaloashiria kwamba 6 na 8 zimepishana. Kosa kama hilo kwenye mstari wa katikati, wenye alama ya "bado", haliharibu hesabu, kwa kuwa odometa ya mwanzo na ya mwisho ndizo zinazotumika.

Risiti iliyopotea huacha umbo jingine. Lita zake hazikuingia, kwa hiyo gari huonekana kutumia mafuta kidogo mno katika kipindi hicho, kisha hurudi kwenye hali yake ya kawaida bila kushuka chini. Mafuta yaliyovuja au kunyonywa, au lita zilizolipiwa ambazo hazikuingia tangini, hufanya kinyume: kilomita kwa lita hushuka, na kipindi kinachofuata hakipandi kufidia. Tairi zisizo na upepo wa kutosha, mzigo mzito na foleni hushusha pia, lakini hali hiyo huendelea kwa muda wote chanzo kikiwepo. Lita zikizidi ujazo wa tangi kwenye risiti moja, hakuna haja ya kusubiri kipindi kingine: mafuta hayo hayakuingia yote kwenye gari hilo.

Risiti ikipotea na kiasi chake kisipojulikana, gharama yake huandikwa kwa makadirio ili jumla ya mwezi isipungue, lakini kipindi chote kati ya matangi mawili yaliyojaa hufutwa kwenye hesabu ya kilomita kwa lita. Kubahatisha lita ili zilingane na 11.0 ya wiki iliyopita ni kulirudishia daftari jibu lake lenyewe. Tangi litakalojazwa baada ya hapo huwa mwanzo mpya, na odometa ya siku hiyo huandikwa kama ilivyosomeka.