Shati la Januari, Kitambaa cha Novemba

Kwa mshona sare za shule, Januari ndio mwezi wenyewe. Shule zinafunguliwa, wazazi wanajaa mlangoni, na shati lisilokuwepo siku hiyo mzazi atalipata kwa jirani. Mwenye karakana anajua hayo yote. Kinachomsumbua ni swali jingine: anunue mita ngapi za kitambaa, na anunue mwezi gani?

Wahasibu hulijibu swali hilo kwa bajeti tatu zinazofuatana, ambazo ndizo mwanzo wa bajeti kuu ya biashara: bajeti ya mauzo, ya uzalishaji, na ya ununuzi wa malighafi. Watahiniwa wa NBAA na KASNEB hukutana nazo katika masomo yao. Hesabu yenyewe ni ya kujumlisha na kutoa tu. Kinachowapoteza watu ni stoku, yaani mali iliyopo mwezi unapoanza na ile inayotakiwa kubaki mwezi unapokwisha.

Tuchukue karakana ya mfano inayoshona aina moja ya shati. Inatarajia kuuza mashati 400 Novemba, 1,000 Desemba, 1,600 Januari, 300 Februari na 200 Machi. Mwenyewe ameweka kanuni mbili. Ya kwanza: kila mwezi ukiisha, rafuni yabaki mashati yaliyokamilika yanayofikia asilimia 25 ya mauzo ya mwezi unaofuata. Ya pili: stoo kibaki kitambaa kinachofikia asilimia 20 ya mahitaji ya ushonaji ya mwezi unaofuata. Shati moja linakula mita 2, vipande vinavyotupwa wakati wa kukata vikiwemo. Novemba inaanza na mashati 100 rafuni na mita 220 stoo.

Mauzo ndiyo yanayotangulia, kwa sababu hakuna maana ya kushona kisichouzika. Kutoka hapo tunauliza ni mashati mangapi yashonwe Novemba. Yanahitajika 400 ya kuuza, na 250 ya kubaki kwa ajili ya Desemba. Jumla ni 650. Lakini 100 tayari yapo, kwa hiyo ya kushona ni 550. Kanuni ni hiyo hiyo kila mwezi: mauzo, ongeza stoku ya mwisho, toa stoku ya mwanzo. Desemba inaanza na yale 250 yaliyobaki Novemba, inahitaji kubakiza 400, hivyo inashona 1,150. Januari inaanza na 400 na kubakiza 75 tu, kwa kuwa Februari soko limepoa. Inashona 1,275.

Sasa tunashuka kwenye kitambaa, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mita zinahesabiwa kwa mashati yanayoshonwa, si yanayouzwa. Novemba yanashonwa 550, basi zinahitajika mita 1,100. Desemba itahitaji mita 2,300, na asilimia 20 yake ni 460, ambazo lazima ziwe stoo Novemba inapoisha. Jumla ni mita 1,560. Ukitoa 220 zilizopo, zinabaki 1,340 za kununua. Miezi mitatu ikipangwa pamoja inaonekana hivi:

| | Novemba | Desemba | Januari |
|---|---|---|---|
| Mashati ya kuuza | 400 | 1,000 | 1,600 |
| Mashati ya kushona | 550 | 1,150 | 1,275 |
| Mita za kununua | 1,340 | 2,350 | 2,150 |

Soma mstari wa mwisho ukiulinganisha na wa kwanza. Novemba karakana inauza mashati 400 lakini inanunua kitambaa cha mashati 670. Januari mauzo yanapanda kutoka 1,000 hadi 1,600, ilhali ununuzi wa kitambaa unashuka. Mwezi wa kununua sana ni Desemba, kabla soko halijafika kileleni. Stoku haibadilishi sana jumla ya mwaka. Inachobadilisha ni tarehe.

Jambo jingine limejificha kwenye Januari. Kujua kitambaa cha kubaki mwisho wa Januari, lazima ujue mashati ya Februari. Na kujua mashati ya kushona Februari, lazima ujue mauzo ya Machi. Ndiyo maana bajeti ya ununuzi ya miezi mitatu inadai makisio ya mauzo ya miezi mitano. Anayekisia mitatu tu atakwama njiani.

Makosa nayo yana dalili zake. Aliyechukua asilimia 20 ya mauzo ya Desemba badala ya ushonaji atabakiza mita 400 badala ya 460, na mafundi watapungukiwa kitambaa cha mashati 30 mwezi ukianza. Aliyegeuza alama, akatoa stoku ya mwisho na kuongeza ya mwanzo, atapata mashati 250 ya Novemba. Huyo ajiulize: mwezi unaomalizika na mali nyingi kuliko ulivyoanza unawezaje kushona pungufu ya mauzo? Kwa jumla ya robo nzima, jaribio ni jepesi. Mauzo ni 3,000. Ongeza 75 zinazobaki Januari, toa 100 za kuanzia Novemba, upate 2,975. Hiyo lazima ilingane na 550, 1,150 na 1,275 zikijumlishwa, na inalingana.

Tutie bei sasa. Tuseme mita ni shilingi 4,000 na shati linauzwa shilingi 15,000, kila kitu taslimu. Novemba inaingiza shilingi 6,000,000, na kitambaa kinachukua 5,360,000. Zinabaki 640,000 za kulipa mafundi walioshona mashati 550, pamoja na uzi, vifungo, umeme na kodi ya pango. Biashara haijapata hasara, maana kitambaa cha shati moja ni shilingi 8,000 na shati linauzwa karibu mara mbili ya hapo. Fedha zake zimegeuka mashati rafuni na majora stoo, na fundi halipwi kwa jora.

Tena, hesabu hizi zinadhani kwamba mikono inatosha. Chukua kwamba cherehani zilizopo haziwezi kutoa zaidi ya mashati 1,100 kwa mwezi. Desemba inazidi kwa 50 na Januari kwa 175. Hayo 225 hayana pa kwenda isipokuwa kurudi nyuma hadi Novemba, ambayo sasa itashona 775. Mahitaji yake ya kitambaa yanakuwa mita 1,550. Ongeza 440 za kuanzia Desemba, toa 220 zilizopo, unanunua mita 1,770 kwa shilingi 7,080,000. Mauzo ya Novemba hayafiki hapo. Pengo ni shilingi 1,080,000 kabla fundi hata mmoja hajalipwa.

Mwenye karakana aliyepiga hesabu hii Septemba ana nafasi ya kuchagua: kuomba muuza majora ampe kwa mkopo hadi Januari, kuchukua malipo ya awali kutoka shuleni, kukodi cherehani za ziada kwa Desemba na Januari ili Novemba isibebe mzigo wote, au kupunguza ile asilimia 25 na kukubali kwamba wazazi wachache watakosa saizi. Asiyeipiga atakutana na pengo hilo hilo Novemba, dukani kwa muuza majora, akiwa hana hata moja la kuchagua.