Kibodi ya Simu Inapofunika Ukurasa

Kibodi ya simu hutokea juu ya kioo kilekile kinachoonyesha ukurasa, na ikishafunguka huchukua sehemu kubwa ya urefu wake. Hapo kivinjari hubaki na njia mbili: kuupunguza ukurasa utoshee nafasi iliyosalia, au kuuacha na urefu wake huku kibodi ikiulalia kwa juu. Vivinjari havikufuata njia moja, ndiyo maana fomu inayojazwa bila shida kwenye simu hii huficha kitufe kwenye simu ile.

Chanzo cha tofauti hiyo ni kwamba kivinjari hutunza madirisha mawili kwa ukurasa mmoja. La kwanza ni dirisha la mpangilio, mstatili unaotumika kupima na kupanga vitu. Kitu kilichobandikwa chini kwa `position: fixed` na `bottom: 0` hushikamana na ukingo wa dirisha hili. La pili ni dirisha la kuonea, yaani sehemu ambayo mtumiaji anaiona hasa. Kibodi ikiwa imefungwa na ukurasa haujakuzwa kwa vidole, madirisha haya kwa kawaida hulingana, na hakuna anayeyatofautisha. Kibodi ikipanda, la kuonea hupungua. Je, la mpangilio nalo hupungua?

Safari ya iPhone huliacha lilivyo. Chrome ya Android ilikuwa ikiyapunguza yote mawili, hadi toleo la 108, mwishoni mwa 2022, ilipohamia njia ya Safari.

Ukurasa wa kukata tiketi ya basi unaweza kuonyesha matokeo yake. Tuseme dirisha lina upana wa pikseli 360 na urefu wa 640, na kitufe cha “Lipa”, chenye urefu wa 56, kimebandikwa chini, kuanzia pikseli ya 584. Abiria anagusa kisanduku cha namba ya simu, kibodi ya pikseli 300 inapanda, na zinabaki 340 za kuonekana. Dirisha la mpangilio lisipopungua, kitufe hubaki palepale kwenye 584, nyuma ya kibodi. Abiria anamaliza kuandika namba na haoni pa kulipia. Kisanduku chenyewe kikiwa sehemu ya chini, kivinjari huusukuma ukurasa juu ili kionekane, na kichwa cha ukurasa, hata kilichobandikwa, huweza kutoweka kwa juu.

Dirisha la mpangilio likipungua, kitufe hupanda na kukaa juu ya kibodi, kati ya 284 na 340. Lakini njia hii nayo ina gharama yake. Kichwa kikiwa na pikseli 60, fomu yote hubanwa katika 224. Zaidi ya hapo, upana wa 360 sasa umeuzidi urefu wa 340, hivyo sheria za mtindo zinazouliza `orientation: landscape` hudhani simu imelazwa, na ukurasa hujipanga upya katikati ya kuandika.

Mtengenezaji anayeitaka tabia hii ya pili huitaja mwenyewe kwenye kichwa cha ukurasa:

```html
<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1, interactive-widget=resizes-content">
```

Chrome hutii agizo hilo tangu toleo la 108. Kwa kivinjari kisicholitambua, hubaki kupima pengo kwa msimbo:

```js
const vv = window.visualViewport;
const pengo = document.documentElement.clientHeight
            - vv.height - vv.offsetTop;
```

Katika mfano wa tiketi, ukurasa usiposogea, jibu ni 640 − 340 − 0 = 300, na kitufe hupandishwa kwa kiasi hicho. Hesabu hurudiwa kila `vv` inapotoa taarifa ya `resize` au `scroll`. Tahadhari moja ni muhimu: kukuza ukurasa kwa vidole pia hupunguza `vv.height`, hivyo `vv.scale` ikizidi 1 pengo hilo lisihesabiwe kuwa ni kibodi. Kipimo cha `dvh`, ambacho wengi hukikimbilia, hakisaidii hapa, kwa kuwa kwa kawaida hufuata kupanuka na kufifia kwa upau wa kivinjari, si kibodi.

Kujua simu inafuata njia ipi ni kazi ndogo. Namba mbili, `vv.height` na `clientHeight`, zikiandikwa juu ya ukurasa na kusasishwa kila mara, kisha kisanduku kikaguswa, ikishuka ya kwanza peke yake, kibodi inafunika. Zikishuka zote, ukurasa unapunguzwa. Jaribio hili lifanyike kwenye simu halisi, maana kivinjari cha kompyuta kinachojifanya simu hakipandishi kibodi yoyote.

Kwa fomu fupi kama ya tiketi, suluhisho bora ni kutokibandika kitufe kabisa. Kikiwekwa mara baada ya kisanduku cha mwisho, ndani ya mtiririko wa ukurasa, abiria hukifikia kwa kusogeza kidole, kwenye Safari na kwenye Chrome ya zamani au ya sasa, bila mstari hata mmoja wa msimbo.