Choa Kilichofichwa na Krimu

Choa huanza kama kipele kidogo kinachowasha. Kuvu wanaokisababisha hula keratini, protini ya tabaka la juu kabisa la ngozi, kisha husonga nje kuelekea pande zote, huku mwili ukipambana nao pale walipoanzia. Ndiyo maana katikati husafika na ugonjwa huhamia ukingoni, ambako ngozi huinuka kidogo na kubanduka magamba. Kwenye ngozi nyeusi ukingo huo si lazima uwe mwekundu. Mara nyingi huwa wa kahawia au kijivu, na kidole hugundua mapema kuliko jicho.

Ukurutu, ambao wengi huuita pumu ya ngozi, si maambukizi. Hupenda mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, tena pande zote mbili za mwili. Upo pia ukurutu wa mviringo, hasa miguuni na mikononi, na huo ndio unaowachanganya watu. Lakini duara lake limejaa: ukavu, majimaji au gaga vimetapakaa mpaka katikati.

Chukua mfano wa mwanafunzi mwenye choa kiunoni. Duka la dawa linampa krimu yenye betamethasoni, ambayo ni steroidi. Siku ya tatu muwasho umetulia na magamba yamelainika, naye anaamini amepona. Kilichotulia ni mapambano ya mwili tu. Kuvu hawakuguswa, na sasa wanaenea bila kizuizi. Akiacha kupaka, muwasho unarudi kwa nguvu, anapaka tena. Baada ya wiki kadhaa doa limefika tumboni, ukingo umefifia, na hata mhudumu mzoefu anaweza kudhani ni ukurutu. Mwaka 1968 madaktari Ives na Marks walieleza hali hii katika jarida la kitabibu, na bado inawapata wengi, hasa pale krimu za mchanganyiko zenye steroidi kali pamoja na dawa ya kuvu zinapouzwa bila cheti. Muwasho kupungua haraka, kwa hiyo, hakuthibitishi chochote.

Kinachothibitisha ni kipimo rahisi. Mtaalamu hukwangua magamba ukingoni, si katikati, huyaweka kwenye kioo na tone la potasiamu haidroksaidi ili kuyeyusha seli za ngozi, kisha hutafuta nyuzi za kuvu kwa hadubini.

Choa kidogo ambacho hakijapakwa steroidi kwa kawaida hutibika kwa krimu ya klotrimazoli, mara mbili kwa siku kwa wiki 2 hadi 4, ikipakwa mpaka sentimita 2 nje ya ukingo. Dawa huendelea wiki moja au mbili baada ya doa kutoweka. Kilichosambaa chini ya steroidi, kama cha mwanafunzi huyu, mara nyingi huhitaji vidonge vinavyoandikwa na daktari, naye aende na tyubu aliyokuwa akiitumia.