Vipele vya Kunyolea Vitoke, Ndevu Zibaki

Mabwana harusi wengi humwona kinyozi usiku wa kuamkia harusi. Wembe hupita karibu sana na ngozi, shingo hung'aa, kisha kesho yake vipele huanza kuchomoza chini ya taya, saa zilezile ambazo kamera zinamfuata kila anakokwenda. Picha zikifika kwenye kompyuta ya studio, mhariri anakuta kazi mbili usoni pa mtu mmoja: shingo yenye vipele na madoa, na shavu ambalo ndevu zake fupi zimeota kwa mafungu, hapa nyingi, pale chache.

Njia ya mkato inajulikana. Mhariri hulainisha eneo lote kwa mpigo mmoja, vipele vikatoweka na ndevu zikaondoka navyo. Bwana harusi anaoneshwa picha, anaisifu suti, halafu anauliza kidevu hicho ni cha nani.

Kosa hilo lina chanzo mwilini. Unywele wa kipilipili hutoka kwenye ngozi ukiwa umejipinda. Ukikatwa chini sana, ncha yake hubaki kali, nao ukiendelea kukua huinama na kujichoma tena ndani ya ngozi. Mwili huupokea kama mwiba: mahali pale huvimba na kuwa kipele, na kipele kikinywea huacha doa jeusi linaloweza kukaa kwa miezi. Ndiyo maana vipele hivi huwasumbua zaidi wanaume wenye asili ya Afrika, hasa shingoni, ambako nywele huota kwa kugeukageuka. Jambo la kukumbuka kwa anayehariri ni kwamba kipele na unywele vimekaa mahali pamoja. Ukifuta kimoja bila uangalifu, umefuta vyote viwili.

Tuseme picha ya bwana harusi wetu imepigwa karibu na dirisha, mwanga ukitoka upande wake wa kushoto. Mwanga wa ubavuni hukuza kila uvimbe. Picha ikifunguliwa kwenye Photoshop na kutazamwa kwa ukubwa wa 100%, kipele kinaonekana kuwa na sehemu mbili: upande unaoelekea dirisha una ukingo unaong'aa, na upande wa pili una kivuli kidogo cha mviringo. Macho yanakiita kipele kwa sababu ya tofauti hiyo ya mwanga na kivuli. Ikipunguzwa, ngozi huonekana bapa, na unywele uliopita juu yake haujaguswa.

Kazi huanza na leya mpya tupu juu ya picha, ili picha ya awali ibaki salama. Vipele vilivyo peke yao kwenye ngozi isiyo na nywele, kwa mfano chini kabisa ya shingo, huondolewa kwa Healing Brush, kifaa kilichokuja na Photoshop 7.0 mwaka 2002. Kwenye Sample huchaguliwa Current & Below, na brashi huwa kubwa kidogo tu kuliko kipele. Kifaa hiki huchukua sura ya ngozi ya jirani, kisha hulinganisha rangi na mwanga na mahali inapowekwa. Uwezo huo ndio unaokifanya kiharibu karibu na ndevu. Brashi ikigusa nywele pembeni, weusi wake huvutwa ndani na kuacha ukungu wa kijivu. Mhariri akiuona ukungu huo, arudishe hatua na aache kifaa hicho.

Ndani ya ndevu hutumika leya mbili za Curves, moja ya kuangaza kidogo na nyingine ya kutia giza kidogo. Barakoa za leya zote mbili hujazwa weusi ili zisionekane, kisha mhariri hupaka weupe kwa brashi laini, ndogo kuliko kipele chenyewe, Flow ikiwa kati ya 3% na 5%. Ukingo unaong'aa hutiwa giza na kivuli huangazwa, mpako juu ya mpako, mpaka uvimbe utulie. Ni kazi ya subira, na shingo moja inaweza kula nusu saa au zaidi. Hata hivyo hakuna njia nyingine inayoacha kila unywele mahali pake kwa uhakika kama hii.

Madoa meusi hufuata njia hiyohiyo: huangazwa kidogo katikati ya unywele na unywele. Rangi ikibaki na wekundu au uzambarau, huongezwa leya yenye hali ya Color, na rangi ya ngozi safi iliyo karibu hupakwa juu yake kwa Opacity ya 10% hadi 20%. Doa lisifutwe lote. Shingo ya mtu mzima ina kivuli cha vinyweleo, na ikikosa kivuli hicho kabisa inafanana na ya mtoto.

Sasa shavu. Wanaume wengi wana pengo kati ya sharubu na kidevu, au sehemu ya shavu ambayo nywele zake ni chache. Mpangilio huo ni wa kuzaliwa, na ndio ambao mama na rafiki zake humtambulia. Kwa hiyo pengo hupunguzwa ukali tu, halizibwi. Hatua ya kwanza ni kutia giza kidogo sana kwenye ngozi ya pengo, kwa kuwa mara nyingi kinachosumbua ni ngozi tupu inayong'aa kuliko ngozi iliyofunikwa na nywele. Mara nyingi hiyo peke yake inatosha.

Isipotosha, kuna Clone Stamp yenye Mode ya Darken. Katika hali hiyo kifaa hunakili tu kile kilicho cheusi kuliko mahali kinapowekwa, hivyo nywele huhamia kwenye pengo bila kubeba ngozi ya zilikotoka. Nywele zichukuliwe kwenye shavu lilelile, zenye urefu uleule na zinazolala upande uleule, na chanzo kibadilishwe kila baada ya mipako michache. Kuzitoa shavu la pili huonekana rahisi, lakini huko mwanga ni mwingine na nywele zimelala kinyume. Mpaka wa juu wa ndevu usisogezwe. Wasio na Photoshop hufanya haya kwa GIMP, programu ya bure yenye vifaa vya Heal na Clone, na hali yake inayolingana huitwa Darken only.

Makosa yana dalili. Nywele tatu zilizojipanga kwa namna ileile mahali pawili zinamsaliti mhariri, na ndevu zenye ukungu ilhali nyusi ni kali zinaonesha kwamba brashi imepita pasipostahili. Njia nzuri ya kuyagundua ni kugeuza picha kushoto kulia, kisha kuipunguza hadi ukubwa wa simu. Kama jicho linakimbilia shavuni kabla ya machoni, nywele zilizoongezwa zimezidi. Punguza Opacity ya leya yake hadi pengo lionekane tena kidogo.

Kabla ya yote, muulize mwenye uso. Kovu na baka la kuzaliwa havifutwi bila ruhusa yake. Na kama picha ni ya maombi ya viza, usiguse kitu: Idara ya Mambo ya Nje ya Marekani, kwa mfano, haikubali picha iliyobadilishwa kwa programu ya kompyuta au ya simu. Mwombaji mwenye vipele asubiri vinywee ndipo apigwe picha, au aende navyo vilivyo.